Shajara ya mradi: kufunga domeni ya chama na kufuta rekodi yatima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bodi imekubali nitumie mwezi huu kuiweka domeni yetu mahali salama. Sisi ni chama cha akiba na mikopo. Wanachama wanaangalia salio kwenye lango letu la mtandaoni, na barua za mikopo zinatoka kwenye anwani zetu wenyewe. Jina halisi la domeni nalihifadhi; humu ndani nitaandika `example.org`.

Kabla ya kugusa chochote nimeiuliza rejista ya .org, inayotunza orodha ya domeni zote za .org, ina habari gani juu yetu. Siku hizi swali hili linapita kwenye RDAP, huduma ya kuuliza taarifa za usajili wa domeni iliyochukua nafasi ya WHOIS:

```
curl -sL https://rdap.org/domain/example.org | jq '.status'
```

Jibu ni moja tu: `active`. Katibu aliyekuwa amesimama nyuma yangu alifurahi, akidhani ni habari njema. Maana yake ni kwamba hakuna kufuli hata moja. Domeni iliyofungwa ingeonyesha walau `client transfer prohibited`, yaani msajili, kampuni inayouza usajili wa domeni, ameiambia rejista ikatae uhamisho wowote.

Jambo la pili limejitokeza jioni. Domeni haiko kwenye akaunti yetu, kwa sababu chama hakina akaunti kwa msajili yeyote. Fundi aliyetutengenezea tovuti mwaka 2016 aliisajili chini ya akaunti yake ya uwakala, pamoja na domeni za wateja wake wengine, na mmiliki aliyeandikwa ni yeye. Nilimpigia simu.

"Dada, mbona unahangaika? Domeni iko kwangu, miaka yote hii haijawahi kupotea."

"Ndiyo hivyo, kaka. Iko kwako. Ukipatwa na jambo, au nywila yako ikiibiwa, sisi tunaanzia wapi?"

Hakukasirika. Ameahidi ushirikiano, na nimwandikie haki yake hapa, maana wapo ambao wangeanza kudai malipo.

Hofu ya wakala si ya kubuni. Agosti 2013 gazeti la New York Times lilipotea mtandaoni kwa saa kadhaa bila seva zake kuguswa. Kikundi kilichojiita Syrian Electronic Army kilipata jina na nywila za wakala wa msajili Melbourne IT, kikaingia, kikabadilisha seva za majina za `nytimes.com`, zile zinazoeleza tovuti ya jina hilo iko wapi. Gazeti lenyewe halikuwa na mlango wa kuufunga, kwa kuwa mlango ulikuwa nyumbani kwa mtu mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimepanga mfuatano, na mfuatano ndio kazi yenyewe. Mambo matatu yanatakiwa kuhama: rekodi za DNS zinazoelekeza majina yetu kwenye seva, usajili, na jina la mmiliki. Ukianza na lisilo lake unakwama.

Ukibadilisha mmiliki kwanza, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, humtaka msajili azuie uhamisho kwa siku 60, isipokuwa pale anapokuruhusu kujitoa kwenye zuio hilo mapema. Maana yake tungebaki miezi miwili ndani ya akaunti ileile tunayoikimbia. Ukihamisha usajili kwanza wakati rekodi za DNS ziko kwenye seva za msajili wa zamani, kuna hatari azizime mara tu domeni inapotoka kwake, na tovuti na baruapepe vikazimika pamoja. Kwa hiyo kwetu DNS inatangulia, usajili unafuata, na mmiliki anabadilishwa mwisho, tukiwa tayari ndani ya akaunti yetu.

Fundi amenipa faili la zoni, yaani orodha nzima ya rekodi zetu za DNS. Lina rekodi 61. Chama chenye tovuti moja, lango moja na baruapepe hakihitaji rekodi 61, lakini hilo nitalirudia. Kwa sasa nimezinakili zote kama zilivyo kwa mtoa huduma mpya wa DNS. Kuhama na kusafisha siku moja ni kujitafutia usiku mrefu, kwa sababu kitu kikivunjika hutajua kimevunjwa na kipi.

Baada ya fundi kubadilisha seva za majina nimeiuliza seva ya .org yenyewe, si kisuluhishi cha ofisini chenye majibu ya zamani kwenye kumbukumbu:

```
dig +norecurse @a0.org.afilias-nst.info example.org NS
```

Jibu linatokea kwenye sehemu ya AUTHORITY. Seva mpya zipo. Kesho ni Nane Nane, hakuna mtu ofisini, na hilo linanifaa: majibu ya zamani yatakwisha muda wake bila simu za malalamiko.

Jumanne, 12 Agosti

Tumefungua akaunti kwa msajili mpya, na kabla ya kuleta domeni tumeifunga akaunti yenyewe. Kufuli la domeni linafunguliwa kwa kubofya mara moja na yeyote aliyeingia kwenye akaunti. Ukiweka kufuli juu ya akaunti dhaifu, umefunga sanduku ukaacha ufunguo juu yake.

Anwani ya baruapepe ya akaunti imechukua muda kuliko nilivyotarajia. Mhasibu alitaka tutumie ya ofisi, iliyo chini ya domeni hiihii. Nilimweleza hivi: domeni ikitekwa, mtekaji anaelekeza baruapepe zetu kwake, kisha anabofya "nimesahau nywila", na kiungo kinamfikia yeye. Sisi tunabaki nje, na hata malalamiko yetu kwa msajili yatatoka kwenye anwani ambayo yeye ndiye anaisoma. Tumefungua sanduku la barua kwa mtoa huduma mkubwa, nje ya domeni yetu, kwa kazi hii tu.

Uthibitisho wa hatua ya pili ni kwa funguo mbili za usalama za USB: moja ninayo mimi, nyingine iko kwenye sefu ya katibu pamoja na misimbo ya dharura ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi. Ujumbe wa simu tumeukataa. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyeamka laini yake imekatika kwa sababu mwingine ameisajili upya dukani kwa jina la kughushi. Nimepitia pia menyu ya msajili na kuhakikisha namba ya simu haikubaki kama njia mbadala ya kurejesha akaunti, maana wasajili wengine huiacha wazi hata ukishaweka funguo.

Fundi amenisomea msimbo wa uhamisho kwa simu. Ni nywila ya domeni. Mwenye msimbo na domeni isiyofungwa anaweza kuomba ihamie kwake. Tumewasilisha ombi. Msajili wa zamani ana siku tano za kukataa kwa sababu zinazokubalika. Akinyamaza, uhamisho unapita.

Jumatatu, 18 Agosti

Domeni imeingia, na imeongezewa mwaka mmoja kama kawaida ya uhamisho wa .org. Mmiliki sasa ni chama. Nimewasha makufuli matatu ambayo mteja anaruhusiwa: la uhamisho, la kufuta na la kubadilisha taarifa. Hili la tatu, `client update prohibited`, wasajili wengi hawalionyeshi kwenye menyu mpaka uliombe, na ndilo linalohusu kilichoipata `nytimes.com`, yaani kubadilishwa kwa seva za majina bila domeni kuhama, ingawa aliyeingia kwenye akaunti anaweza kulifungua kwanza.

Juu ya haya kuna kufuli la rejista. Hilo RDAP hulionyesha kwa maneno yanayoanza na `server`, na msajili hawezi kulifungua peke yake. Lazima mtu aliyeidhinishwa athibitishwe kwa njia nyingine, kwa kawaida simu, na rejista ndiyo ifungue. Linalipiwa. Nimeomba bei.

Jumatano, 20 Agosti

Sasa zile rekodi 61. Nimeandika orodha ya majina yote kwenye `majina.txt`, kisha nikaanza kutafuta yatima, rekodi zinazoelekeza kwenye kitu ambacho si chetu tena. Nilianza na CNAME, rekodi zinazolipeleka jina moja kwenye jina jingine, ambazo zinaelekeza mahali pasipokuwepo:

```
while read jina; do
  lengo=$(dig +short CNAME "$jina")
  [ -n "$lengo" ] && echo "$jina $lengo" \
    "$(dig "$lengo" | grep -o 'status: [A-Z]*')"
done < majina.txt
```

Njia hii imenasa rekodi moja yenye NXDOMAIN, jibu la kwamba jina halipo: `kura.example.org`. Nitaifungulia ukurasa wake keshokutwa. Lakini haikunasa mbili nyingine ambazo nimezipata kwa kufungua kila jina kwenye kivinjari, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba wamemaliza.

Ya kwanza ni `picha.example.org`, CNAME ya kwenda `picha.example.org.s3-website-eu-west-1.amazonaws.com`. Kwa `dig` inaonekana nzima: inatoa anwani za IP, hali ni NOERROR. Sababu ni kwamba Amazon hujibu jina lolote lililo chini ya anwani hiyo, liwe na ndoo, yaani hifadhi ya mafaili, au lisiwe nayo. Ukweli unaonekana kwenye ukurasa wenyewe: 404 na neno `NoSuchBucket`. Ndoo tuliifuta zamani ili kupunguza bili, jina lake likawa huru, na mteja yeyote wa Amazon anaweza kutengeneza ndoo yenye jina hilohilo akaweka ukurasa wake. Mwanachama atakayefungua anwani hiyo ataona jina letu juu na maneno ya mwizi chini.

Nikiwa hapo nimeangalia kuki ya lango la wanachama. Ilikuwa imeandikwa `Domain=example.org`, bila alama ya `Secure`. Kivinjari kingeipeleka kwenye kila domeni ndogo, `picha` ikiwemo. Mwandishi wa lango ameibadilisha leo iwe ya lango peke yake, kwa kuipa jina linaloanza na `__Host-`.

Ya pili ni `jaribio.example.org`, rekodi ya A, inayoelekeza jina moja kwa moja kwenye IP, ya seva tuliyorudisha kwa mwenye nayo. Hapa hakuna kosa lolote la kuonekana. IP ile imepewa mteja mwingine na jina letu linafungua duka la viatu la watu tusiowajua, ambao nao bila shaka hawajui habari zetu. Rekodi ya A haiwezi kugunduliwa kwa alama ya kosa. Dawa yake ni kulinganisha kila IP iliyo kwenye zoni na orodha ya IP tunazozilipia, na isiyokuwa kwenye orodha ina kesi ya kujibu.

Ijumaa, 22 Agosti

`kura.example.org`. Mwaka 2019 chama kilifanya uchaguzi wa wajumbe kwa mtandao, na kampuni iliyokodiwa iliomba CNAME ielekee kwenye domeni yake. Uchaguzi uliisha, kampuni ikafunga shughuli, domeni yake ikaisha muda. Nimeiuliza RDAP juu ya domeni ile: 404, haijasajiliwa na mtu. Yuko huru yeyote kuinunua leo kwa takriban dola kumi.

Mwenzangu wa ofisini alisema, "Basi ataweka ukurasa wa uongo kwenye `kura`. Nani anaingia huko siku hizi?" Hilo ndilo dogo. CNAME haihamishi tovuti peke yake. Inasema kwamba maswali ya jina hili, ya aina zote, yakaulizwe kule: anwani, MX ya kupokea barua, TXT ya maelezo, hata CAA ya vyeti vya usalama vya tovuti. Kwa hiyo anayenunua domeni ile anapata haki ya kuandika SPF ya `kura.example.org`, yaani kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo.

Barua ina anwani mbili za mtumaji, moja ya bahasha ambayo seva huiona, na moja anayoisoma mpokeaji. SPF inakagua ya bahasha. DMARC inauliza kama ya bahasha na ya msomaji ni za domeni moja, na usipoandika lolote, mpangilio wake ni legevu: `kura.example.org` na `example.org` zinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Matokeo yake mwizi anatuma barua ambayo bahasha inasema `kura.example.org` na msomaji anaona `mikopo@example.org`. SPF inapita, DMARC inapita. Sera yetu kali ya `p=reject`, inayotaka barua zisizopita DMARC zikataliwe na tuliyojivunia mbele ya mkaguzi, haimgusi.

Nimejaribu jambo hili kwa domeni zangu binafsi mbili, moja ikicheza nafasi ya chama na nyingine nafasi ya kampuni iliyokufa. Nikiyaweka majina ya mfano mahali pake, inaonekana hivi:

```
$ dig +short TXT kura.example.org
kampuni.example.net.
"v=spf1 ip4:192.0.2.25 -all"
```

Barua ilifika, na kwenye vichwa vyake mpokeaji aliandika `dmarc=pass`. Mwenzangu hakuuliza tena nani anaingia huko.

Wahalifu walishaifahamu njia hii. Februari 2024 watafiti wa Guardio Labs walieleza kampeni waliyoiita SubdoMailing, iliyotumia domeni zaidi ya 8,000 na domeni ndogo 13,000 za makampuni na taasisi zinazojulikana. Mfano wao mmoja ni `marthastewart.msn.com`, uliobaki ukielekea `msnmarthastewartsweeps.com`, domeni ya shindano la zamani ambayo muda wake ulikuwa umekwisha kwa miaka mingi, hadi mtu alipoisajili upya mwaka 2022. Hakuvunja kitu. Alinunua kilichokuwa sokoni.

Swali la CAA nililijibu mwenyewe baada ya chakula. Tuna rekodi ya CAA kwenye `example.org` inayotaja mtoaji mmoja tu wa vyeti, na nilidhani ingemzuia mwizi kupata cheti cha `kura`. Lakini mtoa cheti huanza kuuliza CAA kwenye jina lenyewe, na akikuta CNAME anaifuata. Mwizi akiweka CAA yake kule, ya kwetu haifikiwi kabisa. Hakuna kinga ya juu inayotosha wakati CNAME bado ipo.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya kufuta. Kwanza nimezungusha orodha kwa idara zote, kila jina likiwa na swali moja: hili ni la nani? Yaliyopata mwenyewe yamebaki, jina lake limeandikwa kando. Yasiyopata mwenyewe na ambayo nyuma yake hakuna kitu chetu yamefutwa. Zoni imebaki na rekodi 23. Nilihifadhi nakala ya faili la zamani, maana daima kuna mashine moja ya kuchapisha inayotegemea jina ambalo hakuna anayelikumbuka. Safari hii ilikuwa skana ya tawi, na imerudishiwa rekodi yake ndani ya saa moja.

Wawili walipendekeza tuinunue ile domeni ya kampuni ya uchaguzi ili asiinunue mwingine. Nimekataa. CNAME ikifutwa domeni ile haina uhusiano wowote nasi, na kuinunua ni kujitwika ada ya kila mwaka na siku moja kusahau kuilipa.

Nimeongeza `aspf=s` na `adkim=s` kwenye DMARC, ili domeni ndogo isimsemee mzazi wake tena. Kabla ya hapo nilisoma ripoti za wiki kadhaa kuhakikisha hatuna huduma halali inayotuma kwa bahasha ya domeni ndogo. Tulikuwa nayo moja, ya risiti, na imehamishwa kwanza.

Jumatatu, 1 Septemba

Ufuatiliaji umeanza. Kishawishi ni kufuatilia DNS tu, na kisa cha `perl.com`, tovuti ya lugha ya programu ya Perl, kinaonyesha kwa nini haitoshi. Watu wa Perl waligundua utekaji mwishoni mwa Januari 2021, seva za majina zilipobadilika. Walipofuatilia nyuma waliona akaunti ilikuwa imeingiliwa Septemba 2020, na domeni ilihamishiwa kwa msajili mwingine Desemba, huku seva za majina zikiachwa vilevile. Tovuti iliendelea kufunguka kama kawaida, na mmiliki hakuwa na sababu ya kushtuka. Aliyekuwa akiangalia `dig` peke yake asingeona kitu kwa mwezi mzima. Kilichobadilika kilikuwa jina la msajili, na hilo liko kwenye RDAP.

Kwa hiyo kila saa tunanakili mambo manne na kuyalinganisha na nakala iliyopita:

```
curl -sL https://rdap.org/domain/example.org | jq -r '
  .status[], .nameservers[].ldhName,
  (.entities[]|select(.roles[]=="registrar")|.handle),
  (.events[]|select(.eventAction=="expiration")|.eventDate)
' | sort > leo.txt
[ -s leo.txt ] && { diff jana.txt leo.txt; mv leo.txt jana.txt; }
```

Ile `[ -s leo.txt ]` ilizaliwa usiku wa kwanza wa majaribio, RDAP iliponibana kwa maswali mengi, faili likatoka tupu, na tahadhari ikalia kwamba kila kitu kimetoweka. Faili tupu sasa linatoa onyo la aina nyingine, na likijirudia saa tatu mfululizo ndipo ninaamshwa.

Hati hii inaendeshwa kwenye seva ndogo isiyotumia domeni yetu kwa lolote, na onyo linakuja kwa ujumbe wa simu, kwa mimi na katibu. Tahadhari ya kutekwa kwa domeni ikitumwa kwa baruapepe ya domeni hiyohiyo, wa kwanza kuisoma ni mtekaji. Mara moja kwa siku tunatazama pia kumbukumbu za wazi za vyeti kupitia crt.sh. Cheti cha jina tusilolitambua ni dalili kwamba mtu amekwisha kushika jina fulani, na mara nyingi hutangulia shambulio lenyewe kwa muda mfupi tu.

Ile hundi ya rekodi yatima, ya CNAME na ya IP, inajiendesha kila Jumatatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Hundi ya Jumatatu imepata yatima mpya, na zoni imesafishwa majuzi tu. Idara ya masoko ilijaribu huduma ya dodoso, ikaomba `maoni.example.org`, jaribio likaisha, akaunti ikafungwa. Rekodi ilibaki. Nimeifuta.

Tumebadilisha fomu ya kufunga huduma. Zamani ilisema funga akaunti, kisha mwarifu mtu wa mifumo. Sasa inaanza na kufutwa kwa rekodi ya DNS, halafu kusubiri muda wa TTL, yaani muda ambao majibu ya zamani hukaa kwenye kumbukumbu, ambao kwetu ni saa moja, na ndipo seva, ndoo au akaunti irudishwe. Mhasibu hatoi idhini ya kusitisha malipo bila sahihi ya hatua ya kwanza. Hapo pamekuwa na mivutano kidogo, kwa kuwa mhasibu alizoea kukata bili siku anayoambiwa.

Bei ya kufuli la rejista imekuja na iko kwenye kabrasha la kikao cha bodi cha Oktoba. Fundi naye amenipigia: anataka kuwahamishia wateja wake wengine akaunti zao wenyewe, na ameomba ile orodha ya mfuatano. Nimemtumia.